Kuzidisha polinomia kwa FFT: desimali zikirudi kuwa namba kamili

Hebu zidisha 321 kwa 54 kwa mkono, ila safari hii usibebe chochote. Kila zao la tarakimu liweke kwenye safu yake, jumlisha safu, halafu acha jumla ilivyo hata kama imevuka 9. Safu ya mamoja inapata 1×4, yaani 4. Safu ya makumi inapata 1×5 na 2×4, jumla 13. Safu ya mamia inapata 2×5 na 3×4, jumla 22. Safu ya maelfu ina 3×5, yaani 15.

Sasa ndiyo ubebe. Mamoja ni 4. Kwenye makumi una 13: andika 3, beba 1. Kwenye mamia 22 na 1 ni 23: andika 3, beba 2. Kwenye maelfu 15 na 2 ni 17. Soma jibu: 17,334.

Kuchelewesha kubeba kunaonyesha kitu ambacho njia ya shuleni huwa inakificha. Zile namba 4, 13, 22, 15 ni vizigeu, yaani namba zinazotangulia x, za polinomia hii:

```
(1 + 2x + 3x²)(4 + 5x) = 4 + 13x + 22x² + 15x³
```

Ukiweka x = 10 unarudi kwenye 321 × 54. Kwa hiyo anayejua kuzidisha polinomia kwa haraka anajua pia kuzidisha namba ndefu kwa haraka. Kubeba kunabaki kazi ndogo ya mwisho.

Tatizo ni hesabu ya mazao. Kila kizigeu cha upande mmoja kinakutana na kila kizigeu cha upande wa pili. Ukiwa na vizigeu 524,288 kila upande, hayo ni mazao bilioni 275 hivi. Kompyuta inaweza, lakini utaisubiri. Njia ninayotaka kuieleza inafanya kazi ileile kwa hatua ndogo takriban milioni 31, na inafanya hivyo kwa kupitia sehemu isiyotarajiwa: inaziacha namba kamili, inaingia kwenye desimali, kisha mwishoni inasogeza kila desimali hadi namba kamili iliyo karibu zaidi na kusema "jibu hili hapa". Hiyo hatua ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, kwa sababu watu wengi huiona kama usafi wa mwisho tu, kumbe ndipo jibu linapoweza kuharibika kimyakimya.

Badala ya vizigeu, tumia thamani

Ukijua nukta mbili unaweza kuchora mstari mmoja tu ulionyooka unaopita hapo. Vivyo hivyo, polinomia ambayo kipeo chake cha juu ni 3 inajulikana yote ukijua thamani zake kwenye nukta 4 tofauti. Na kuzidisha thamani ni rahisi mno: thamani ya zao kwenye nukta fulani ni thamani ya polinomia ya kwanza mara thamani ya ya pili, pale pale. Hakuna kukutanisha kila mmoja na kila mwingine. Nukta 4, mazao 4, basi. Huku ndiko kuzidisha nukta kwa nukta.

Gharama imehamia pembeni, maana sasa lazima uzitafute thamani hizo, na baadaye utoke kwenye thamani urudi kwenye vizigeu. Ukichagua nukta ovyo, tuseme 0, 1, 2, 3, hujaokoa kitu. Siri iko kwenye kuchagua nukta, na nukta nzuri ni namba changamano zilizopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka duara lenye nusukipenyo 1. Kwa nukta nne ni 1, i, −1 na −i, ambapo i ni ile namba ambayo mraba wake ni −1.

Kwa nini hizo? Angalia miraba yake. Mraba wa 1 na wa −1 ni uleule, 1. Mraba wa i na wa −i nao ni uleule, −1. Nukta nne zimegeuka kuwa miraba miwili tu. Sasa gawa polinomia yetu ya kwanza, tuiite A, katika vipeo shufwa na vipeo witiri: 1 + 3x² upande mmoja, 2x upande mwingine. Ukiita x² kuwa y, sehemu ya shufwa ni 1 + 3y, na sehemu ya witiri ni 2 iliyozidishwa kwa x.

Pale y = 1, sehemu ya shufwa ni 4 na ya witiri ni 2. Kwa hiyo A(1) = 4 + 2 = 6, na A(−1) = 4 − 2 = 2. Hesabu moja, majibu mawili; ishara tu ndiyo imebadilika. Pale y = −1, sehemu ya shufwa ni −2 na ya witiri ni 2, basi A(i) = −2 + 2i, na A(−i) = −2 − 2i.

Kwa nukta nne faida ni kiduchu. Lakini nukta nane kwenye duara zina miraba minne, na miraba hiyo minne ndiyo nukta nne zilezile tulizoziona, ambazo nazo zina miraba miwili. Kila ngazi unakata kazi nusu, na nukta 1,048,576 zinahitaji ngazi 20 tu. Huu ndio mgeuzo wa haraka wa Fourier, ambao kwenye programu utauona umeandikwa FFT. James Cooley na John Tukey waliuchapisha mwaka 1965, ingawa baadaye ilionekana kwamba Carl Friedrich Gauss alikuwa ameshaandika wazo hilo kwenye daftari zake mwaka 1805 hivi, akihesabu njia za sayari ndogo.

Tumalize mfano. Polinomia ya pili, B, ni 4 + 5x. Thamani zake kwa mpangilio 1, i, −1, −i ni 9, 4 + 5i, −1 na 4 − 5i. Zidisha nukta kwa nukta:

```
x = 1 :    6 × 9                 =  54
x = i :   (−2 + 2i)(4 + 5i)      = −18 − 2i
x = −1:    2 × (−1)              =  −2
x = −i:   (−2 − 2i)(4 − 5i)      = −18 + 2i
```

Kurudi ni safari ileile ukipita upande wa pili wa duara, yaani pale ulipotumia i unatumia −i, kisha unagawa kwa idadi ya nukta. Kizigeu cha kwanza ni jumla ya zote nne gawa kwa 4: 54 − 18 − 2 − 18 ni 16, na 16 gawa kwa 4 ni 4. Zile 2i zimefutana zenyewe. Kwa kizigeu cha x, zidisha thamani nne kwa 1, −i, −1 na i kwa mpangilio huo, kisha jumlisha: 54, halafu 18i − 2, halafu 2, halafu −18i − 2. Jumla 52, gawa kwa 4, ni 13. Vingine viwili vinatoka 22 na 15. Chukua karatasi ujaribu mwenyewe, dakika tano zinatosha.

Desimali zinaingilia wapi?

Kwa nukta nne hakukuwa na desimali hata moja. Lakini ongeza nukta ziwe nane, na ya pili inakaa kwenye pembe ya nyuzi 45, ambapo sehemu zake zote mbili ni 0.70710678… na tarakimu haziishi. Kompyuta haiwezi kuihifadhi yote. Namba ya kawaida ya desimali kwenye kompyuta, ile ya biti 64, inabeba tarakimu muhimu kama 16 tu, au biti 53 ukitaka usahihi. Zinazobaki zinakatwa. Kila kuzidisha na kila kujumlisha kunakata tena kidogo.

Kwa hiyo mwisho wa safari huoni 13. Unaona 13.000000000000002 au 12.999999999999998. Hapo ndipo tunapotumia ujuzi wa ziada: vizigeu vya mwanzo vilikuwa namba kamili, kwa hiyo vya zao lazima viwe namba kamili. Ikiwa kosa halijafika nusu, namba kamili iliyo karibu zaidi ndiyo jibu, na si jibu la kukadiria bali jibu lenyewe kabisa. Hili napenda kulisisitiza kwa sababu neno "kukadiria" linawapotosha watu. Kosa la 0.3 na kosa la 0.0000003 yanafutwa sawasawa. Kosa la 0.6 nalo "linafutwa", ila linakuacha kwenye namba ya jirani, na hakuna chochote kwenye jibu kitakachokuambia.

Kwa Python mambo yote yanaingia kwenye mistari michache:

```python
import numpy as np

def zidisha(a, b):
    m = len(a) + len(b) - 1
    n = 1
    while n < m:
        n *= 2
    fa = np.fft.rfft(a, n)
    fb = np.fft.rfft(b, n)
    c = np.fft.irfft(fa * fb, n)[:m]
    r = np.rint(c)
    return r.astype(np.int64), np.max(np.abs(c - r))
```

Mstari wa `np.rint` usiuruke. Ukitoka `c` moja kwa moja kwenda `astype`, kompyuta haisogei hadi namba iliyo karibu. Inakata tu kila kilicho baada ya nukta, na 12.999999999999998 inakuwa 12. Hii ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote, na inaudhi kwa sababu vizigeu vingine vinatoka sawa na vingine vinapungua moja, bila mpangilio unaoeleweka.

Zingatia pia kwamba kitendaji kinarudisha vitu viwili. Cha pili ni umbali mkubwa kuliko wote kati ya desimali iliyotoka na namba kamili iliyochaguliwa. Hicho ndicho kipimo chetu cha hatari.

Vizigeu visiwe vikubwa kupita kiasi

Tuseme una namba mbili, kila moja ina tarakimu milioni 1, na unataka zao lake. Unaweza kuweka tarakimu moja kwa kila kizigeu, lakini huo ni upotevu wa nafasi. Afadhali uzikate kwa mafungu: tarakimu tatu tatu, au tano tano, au sita sita. Fungu likiwa refu, polinomia inakuwa fupi na kazi inaenda haraka. Kishawishi ni kurefusha fungu. Tuone kinachotokea.

Kwa mafungu ya tarakimu tatu unapata vizigeu 333,334, kila kimoja kisichozidi 999. Kizigeu cha katikati ya zao kinajumlisha hadi mazao 333,334, kila moja chini kidogo ya milioni 1. Kwa hiyo hakizidi bilioni 333 hivi. Namba ya desimali ya biti 64, ikiwa na ukubwa huo, inaruka kwa hatua za 0.00006 hivi; yaani kati ya thamani moja inayoweza kuhifadhiwa na inayofuata kuna pengo hilo. Ngazi 20 za kwenda na 20 za kurudi zitaongeza kosa, lakini hata likikua mara makumi bado liko mbali na nusu. Hapo unalala usingizi.

Kwa mafungu ya tarakimu tano, vizigeu ni 200,000 na kila zao linakaribia bilioni 10. Jumla inaweza kufika trilioni 2,000, na huko namba zinaruka kwa hatua za 0.25. Mruko mmoja tu wa upande usiotakiwa na mwingine juu yake, na umefika nusu. Programu ya namna hii inaweza kupita majaribio yako yote kwa namba za kubahatisha, ambazo tarakimu zake ni mchanganyiko wa ndogo na kubwa, halafu siku mtu akileta namba yenye 9 tupu ikaanguka.

Kwa mafungu ya tarakimu sita ukubwa unaweza kufika 167 ikifuatwa na sifuri 15. Huko namba za biti 64 zinapishana kwa 32. Hazina hata nafasi ya kuandika namba witiri. Na hapa kuna jambo ambalo naliona la hatari kuliko yote: kwa kuwa kila thamani inayohifadhiwa huko ni namba kamili tayari, umbali wa kutoka kwenye namba kamili iliyo karibu ni sifuri. Kile kipimo chetu cha hatari, kwa vizigeu hivyo vikubwa, kinasoma sifuri safi huku majibu yakiwa yamekosea kwa makumi. Kwa hiyo kipimo peke yake hakitoshi. Kabla ya kuendesha programu zidisha idadi ya vizigeu kwa mraba wa kizigeu kikubwa kabisa, na uhakikishe matokeo yako mbali chini ya trilioni 9,007, ambayo ni mipaka ya biti 53. Ukiwa na tarakimu tatu au nne za akiba chini ya hapo, ndipo kipimo cha umbali kinaanza kuwa na maana.

Hata kwenye eneo zuri kipimo kina tabia yake. Umbali hauwezi kuzidi 0.5 kamwe, maana ukivuka nusu unakuwa karibu na namba ya jirani. Kosa la 0.98 linaonekana kama 0.02. Ukiona umbali mkubwa kuliko wote ni 0.001, tulia: kosa lisingeruka kutoka hapo hadi karibu na 1 bila kuacha vizigeu vingine vikiwa katikati. Ukiona 0.48 kati ya vizigeu laki kadhaa, maana yake ni kwamba makosa yamesambaa kila mahali na jibu lote ni la kutupa, si kile kizigeu kimoja tu.

Ujanja wa "kasoro"

Kuna njia ya kupata nafasi zaidi bila kubadili namba za desimali, na sisi tunaoongea Kiswahili tunaitumia kila siku kwenye saa. Hatusemi saa mbili na dakika hamsini. Tunasema saa tatu kasoro kumi. Tumepanda juu kidogo, tukapunguza.

Tarakimu nazo zinaweza kuandikwa hivyo. Badala ya 0 hadi 9, tumia −5 hadi 4. Namba 654 inakuwa elfu 1, kasoro mia 3, kasoro 50, jumlisha 4. Kwa mafungu ya tarakimu tatu, badala ya 0 hadi 999 unatumia −500 hadi 499. Kizigeu kikubwa kabisa kimepungua nusu, kwa hiyo mazao yamepungua hadi robo. Lakini faida kubwa inatoka kwingine: sasa nusu ya mazao ni chanya na nusu ni hasi, na yanapojumlishwa yanafutana. Jumla ya mazao 333,334 haikui tena mara 333,334. Kwa namba za kawaida inakua kama kipeuo cha pili cha idadi hiyo, ambacho ni 577 hivi tu. Hakikisho la hali mbaya kabisa halijabadilika sana, maana mtu anaweza kutunga namba ambayo mazao yake hayafutani. Kwa namba zisizotungwa makusudi, tofauti ni kubwa mno.

Jibu safi, lakini si lenyewe

Kuna kosa jingine ambalo kipimo cha umbali hakiwezi kuliona hata siku moja, na halina uhusiano na desimali. Rudi kwenye nukta zetu nne, lakini sasa zidisha 321 kwa 654. Polinomia ya pili ni 4 + 5x + 6x², na vizigeu vya zao ni 4, 13, 28, 27 na 18. Vitano. Sisi tuna nukta nne.

Kwenye nukta zote nne, x⁴ ni 1. Kwa hiyo nukta hizo haziwezi kutofautisha 18x⁴ na 18 tupu. Ukifuata hatua zote unapata 22, 13, 28, 27: ile 18 imezunguka duara na kumwagikia kwenye 4. Vyote ni namba kamili, safi kabisa, umbali sifuri. Ukibeba unapata 29,952, wakati jibu sahihi ni 209,934.

Unafikiri ungeligundua kwa kanuni ya 9? Jaribu. Tarakimu za 209,934 zinajumlika kuwa 27. Tarakimu za 29,952 zinajumlika kuwa 27. Tumia baki la 11, halioni kitu pia. Tofauti kati ya majibu mawili ni 179,982, ambayo ni 18 mara 9,999, na 9,999 ni 9 × 11 × 101. Si bahati mbaya: kosa la kuzunguka duara siku zote ni kizidisho cha 10⁴ − 1, na kukagua kwa 9 ni kama kuweka x = 1, ambayo ni mojawapo ya nukta zilezile zilizodanganyika. Ukaguzi wa maana lazima utumie namba iliyo nje ya duara. Baki la 7 linafaa: 321 inabakiza 6, 654 inabakiza 3, zao 18 linabakiza 4. Namba 209,934 inabakiza 4. Namba 29,952 inabakiza 6, na imenaswa.

Ndiyo maana kwenye programu juu kuna `m = len(a) + len(b) - 1`, na `n` inapandishwa hadi iifikie. Nafasi zinazozidi hujazwa sifuri.

Wanaoishi kwenye ukingo

Mradi wa GIMPS unatafuta namba tasa za Mersenne, zenye umbo 2ᵖ − 1. Oktoba 2024 ulitangaza ile iliyopatikana na Luke Durant, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Kupima namba kama hiyo kunahitaji kuipandisha namba moja mraba, kuchukua baki kwa 2ᵖ − 1, na kurudia, mara zaidi ya milioni 136. Kila mraba ni FFT kwenda, kuzidisha nukta kwa nukta, FFT kurudi, kusogeza hadi namba kamili. Kizigeu kimoja kikisogezwa upande usio wake katika raundi moja tu, raundi zote zinazofuata ni takataka.

Hao wanaligeuza kosa la kuzunguka duara kuwa zana. Jibu letu lisilo sahihi lilitofautiana na lililo sahihi kwa kizidisho cha 10⁴ − 1. Kama tungekuwa tunatafuta baki la kugawa kwa 10⁴ − 1, lisingekuwa kosa hata kidogo. Wao wanatafuta baki la kugawa kwa 2ᵖ − 1, kwa hiyo wanaliacha duara lizunguke na kuchukua baki kunafanyika bure, bila hata kujaza sifuri. Kuna kikwazo: p ni namba tasa, haigawanyiki kwa mafungu sawa. Richard Crandall na Barry Fagin walikitatua mwaka 1994 kwa kutumia mafungu ya urefu tofauti kidogo na kuvizidisha vizigeu kwa uzito maalumu kabla ya mgeuzo.

Piga hesabu ya ukubwa wao. Ukigawa biti milioni 136 kwenye mafungu milioni 7 na nusu, kila fungu linabeba biti 18 na ushee. Zao la mafungu mawili ni biti 36, na kujumlisha mamilioni saba kunaongeza biti kama 23. Hiyo ni 59, na tuna 53 tu. Kwa kanuni niliyotoa juu isingewezekana. Inawezekana kwa sababu ya kasoro: mafungu yao yana ishara chanya na hasi, na jumla zinafutana. Lakini ukingo wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo programu yao Prime95 inaangalia umbali wa kutoka kwenye namba kamili na kupiga kelele ukizidi 0.40. Ukiona onyo hilo likijirudia, dawa ni kuongeza idadi ya nukta ili kila fungu libebe biti chache zaidi, na kukubali kwenda polepole.

Wapo wanaoikwepa desimali kabisa. Badala ya nukta za kwenye duara wanatumia mabaki ya kugawa kwa namba tasa iliyochaguliwa vizuri, kama 998,244,353, ambayo ni 119 × 2²³ + 1 na kwa hiyo ina "duara" lake la namba kamili lenye hadi nukta 8,388,608. Hakuna kukata tarakimu, hakuna kukadiria. Ila vizigeu vya zao lazima viwe chini ya hiyo namba tasa. Kwa mfano wetu wa tarakimu milioni 1, ukiweka tarakimu moja moja, kizigeu kikubwa kabisa ni milioni 81 na unapita vizuri. Ukiweka tatu tatu unafika bilioni 333, umevuka, na utahitaji kurudia kwa namba tasa ya pili kisha kuunganisha mabaki. Na ukivuka bila kujua, kila kizigeu kitatoka namba kamili nadhifu, na hutakuwa na 0.48 ya kukuamsha.